Seva Ikijaa Pomoni: Gigabaiti 22 Zimejificha Wapi?

Tarehe 29 Agosti 2023, viwanda 14 vya Toyota vya kuunganisha magari nchini Japani vilisimama. Hapakuwa na mgomo wala tetemeko la ardhi. Siku mbili kabla, mafundi walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida ya seva za kuagiza vipuri. Walikuwa wakifuta na kupanga upya data zilizolundikana kwenye hifadhidata, na katikati ya kazi hiyo diski ikaishiwa nafasi. Seva za akiba zilitumia mfumo uleule, kwa hiyo nazo zikakwama vilevile. Wiki moja baadaye kampuni yenyewe ilieleza hadharani kwamba mambo yalitengemaa baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye diski kubwa zaidi.

Ukikisoma kisa hicho haraka utadhani ni uzembe wa kuacha uchafu ujae. Kumbe watu wale walikuwa wanasafisha. Kusafisha diski nako kunataka nafasi kwenye diski, na hapo ndipo wasimamizi wengi wa seva wanapokwama: wanaanza kufuta kabla ya kujua ni nini kimejaa na kimejaaje.

Tuchukue seva moja ya mfano, ya aina inayopatikana katika ofisi nyingi za ukubwa wa kati. Ni ya chama cha akiba na mikopo, inaendesha Linux ya Ubuntu, na juu yake kuna programu ya malipo iliyoandikwa kwa Java. Hifadhidata ya PostgreSQL imewekwa kwenye diski ya pili, iliyopachikwa kwenye folda ya `/data`. Mfumo wenyewe, programu na logi zake, yaani yale mafaili ambamo programu huandika kila inachofanya, vyote vimo kwenye sehemu ya mzizi, ile inayoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, `/`. Ukubwa wake ni gigabaiti 40.

Ni mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, wanachama wamejipanga dirishani. Malipo yanapita, ila stakabadhi hazitoki. Kila karani anayebonyeza kitufe cha kuchapa anapata ujumbe wa hitilafu, na kwenye skrini ya fundi maneno ni haya:

```
No space left on device
```

Nafasi imekwisha. Hata ganda la amri lenyewe linalalamika: fundi akibonyeza kitufe cha Tab ili jina la folda lijikamilishe, anaambiwa `cannot create temp file for here-document`, kwa sababu hata kale kafaili kadogo ka muda kanakohitajika kwa kazi hiyo hakana pa kuandikwa. Mhasibu mkuu amesimama nyuma yake. "Kijana wangu, si uizime tu uiwashe?"

Jibu ni hapana, walau si sasa. Kuzima na kuwasha wakati mwingine kunafungua nafasi, na tutaona sababu yake, lakini ni kamari. Ikiwa kilichojaza diski ni mafaili ya kawaida, seva itaamka ikiwa imejaa vilevile, na safari hii huduma zilizokuwa zikisukuma mambo zinaweza kukataa kuanza kabisa. PostgreSQL, kwa mfano, hutengeneza kafaili kanakoitwa `postmaster.pid` kila inapoanza. Ikiwa folda yake iko kwenye diski iliyojaa, haitaanza. Hapo utakuwa umebadilisha tatizo la stakabadhi kuwa tatizo la benki nzima kufungwa. Tena, kuzima kunafuta ushahidi wa nani aliyejaza. Kwa hiyo fundi aliyekwisha kuingia aache dirisha lake la SSH wazi, asitoke, maana kuingia upya kwenye seva iliyojaa si jambo la uhakika.

Hatua ya kwanza ni kupima, na kipimo ni amri mbili:

```
df -h /
df -i /
```

Ya kwanza inahesabu nafasi, ya pili inahesabu inodi. Inodi ni rekodi ambayo mfumo huweka kwa kila faili, na kwenye mfumo wa mafaili wa ext4 idadi yake hupangwa siku diski inapofomatiwa. Mafaili milioni kadhaa ya baiti chache chache, kama yale ya vikao vya watumiaji wa tovuti au barua pepe zilizokwama kwenye foleni, yanaweza kumaliza inodi zote huku nafasi ikiwa imebaki tele, na ujumbe wa hitilafu ukawa uleule. Ukiona safu ya `IUse%` imefika 100, acha kutafuta faili kubwa. Tafuta folda yenye mafaili mengi. Kwenye seva yetu inodi ziko asilimia 11, kwa hiyo njia hiyo tunaiacha hapo. Amri ya kwanza ndiyo yenye habari:

```
Filesystem  Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/vda1    40G   38G     0 100% /
```

Hesabu hiyo ina jambo la kutazama kwa makini. Ukubwa ni 40, zilizotumika ni 38, lakini zilizobaki ni sufuri. Gigabaiti mbili ziko wapi? Hazijaibiwa. Ext4, isipoambiwa vingine, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, `root`, na asilimia 5 ya 40 ni hizo mbili. Programu ya malipo inaendeshwa kwa jina la mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo imekwisha kugonga ukuta. Fundi anayetumia `sudo` bado ana hizo mbili za kufanyia kazi. Ndiyo sababu ushauri unaosambaa wa kuipunguza akiba hiyo hadi sufuri ili kupata nafasi ya bure haufai kwa sehemu ya mzizi. Diski ya kuhifadhi picha na video tu, sawa, ipunguze. Mzizi uachie.

Sasa tujue ni nani amekula. Amri ya kuhesabu folda ni `du`, na herufi muhimu kuliko zote ndani yake ni `x`:

```
sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h
```

Herufi hiyo inaiamuru isivuke kwenda diski nyingine. Ukiisahau, `du` itaingia `/data`, itahesabu hifadhidata nzima, na utatumia nusu saa ukishuku kitu ambacho wala hakiko kwenye diski iliyojaa. Kwenye seva yetu majibu ni haya: `/var` gigabaiti 8.2, `/usr` 5.1, `/home` 1.9, na vingine vidogo vidogo. Jumla, 16.

Rudia hesabu. `df` inasema 38 zimetumika. `du` inaziona 16 tu. Gigabaiti 22 zimetumika na hakuna folda inayokiri kuwa nazo.

Fundi mgeni hapa huanza kuishuku mashine. Fundi mzoefu humgeukia mwenzake wa zamu ya usiku na kumwuliza swali moja: "Kuna kitu ulifuta?" Naam, alifuta. Saa kumi na moja alfajiri alipata tahadhari, akakuta faili la `/var/log/malipo/app.log` limevimba kupita kiasi, akalipiga `rm`. Faili likatoweka kwenye orodha, nafasi haikurudi hata kidogo, akaacha ujumbe kwamba "nimesafisha lakini bado".

Kilichotokea ni tabia ya asili ya Unix, iliyorithiwa na Linux. Amri ya `rm` haifuti yaliyomo. Inaondoa jina la faili kwenye folda. Data zenyewe huachiliwa pale tu majina yote yanapokwisha na hakuna programu tena inayolishika faili hilo. Programu ya malipo ilikuwa imelifungua logi lake tangu ilipoanza na haijalifunga. Ni sawa na mpangaji aliyefutwa kwenye daftari la mwenye nyumba huku bado amelala chumbani: daftari linasema chumba ni kitupu, lakini hakuna anayeweza kuingia. `du` husoma daftari, yaani majina ndani ya folda. `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe ni vyumba vingapi vina watu. Zote mbili zinasema kweli.

Tabia hiyo si kasoro. Ndiyo inayowezesha kusasisha programu wakati inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa nakala ya zamani haipotei chini ya miguu ya anayeitumia. Ila inamfanya mtu aliyefuta faili kubwa kwa nia njema alifiche tatizo badala ya kuliondoa. Lingebaki na jina lake, `du` ingelionyesha papo hapo.

Kuwapata mafaili ya namna hii ni kazi ya `lsof`, amri inayoorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, ikiongezewa sharti la kuonyesha yale tu yasiyo na jina:

```
sudo lsof +L1
```

Jibu litakuwa na mistari kadhaa. Mingi ni vijifaili vidogo visivyo na madhara. Huu mmoja ndio tunaoutafuta, nikiwa nimepunguza safu chache:

```
COMMAND  PID USER   FD    SIZE/OFF NAME
java    1843 malipo 4w 23622320128 /var/log/malipo/app.log (deleted)
```

Usome kutoka kushoto. Programu ni `java`, namba yake ya utambulisho ni 1843, mmiliki ni mtumiaji `malipo`. Safu ya `FD` inasema faili limeshikwa kwa namba 4, na `w` ina maana linaandikwa. Baiti 23,622,320,128 ni gigabaiti 22 kamili. Neno `(deleted)` mwishoni linathibitisha kuwa jina limekwisha kuondolewa. Pengo letu limepata mwenyewe.

Ikiwa `lsof` haijawekwa kwenye seva, huu si wakati wa kuanza kupakua programu. Njia nyingine haihitaji chochote kipya:

```
sudo find /proc/[0-9]*/fd -lname '*(deleted)' -ls 2>/dev/null
```

Nafasi ina njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni kuizima na kuiwasha programu ya malipo, kwa `systemctl restart`. Inapofungwa inaachilia faili, na mfumo unafuta data zake saa hiyo hiyo. Ndiyo maana kuzima seva nzima nako kungesaidia katika kisa hiki hasa, kama mhasibu alivyopendekeza, japo kwa bahati tu. Kama ni usiku, fanya hivyo, ndiyo njia safi. Lakini sasa ni saa nne asubuhi, kuna malipo yaliyo katikati ya safari, na hakuna anayetaka kueleza kwa nini fedha zimekatwa upande mmoja hazikuingia upande wa pili. Hivyo fundi atatumia njia ya pili: kulikausha faili likiwa bado mikononi mwa programu.

Kabla ya kulikausha, anachukua ushahidi. Mistari elfu mbili ya mwisho ya logi inatosha kuonyesha kilichokuwa kikiandikwa:

```
sudo tail -n 2000 /proc/1843/fd/4 > /dev/shm/mwisho.txt
```

Folda ya `/dev/shm` iko kwenye kumbukumbu ya mashine, si kwenye diski, kwa hiyo ina nafasi hata mzizi ukiwa umejaa. Itatoweka seva ikizimwa, basi faili hilo linakiliwe kwenye kompyuta nyingine mapema. Kisha anahakikisha namba kwa mara ya mwisho, kwa `sudo ls -l /proc/1843/fd/4`, na kusoma kwa sauti jina linalojitokeza. Hili si suala la kubahatisha: namba 5 ya programu hiyohiyo inaweza kuwa faili la mihamala, na amri inayofuata haiulizi mara mbili.

```
sudo truncate -s 0 /proc/1843/fd/4
```

Wapo watakaotaka kuandika `sudo > /proc/1843/fd/4` wakidhani ni kitu kimoja. Haifanyi kazi, kwa sababu alama ya `>` inatekelezwa na ganda la mtumiaji wa kawaida kabla `sudo` haijaingia mahali popote. Na usidanganyike ukiiona programu ikiendelea kuandika kwenye faili lile lisilo na jina. Itaendelea, na hakuna atakayeweza kuisoma logi hiyo kwa njia ya kawaida hadi programu iwashwe upya. Ratiba ya kuiwasha upya iwekwe usiku huohuo.

Fundi anarudia `df -h /`. Zilizotumika 16, zilizobaki 22, asilimia 42. Karani wa dirisha la kwanza anabonyeza kitufe na stakabadhi inatoka.

Je, kama `lsof` isingeonyesha kitu na pengo likabaki? Kuna maficho ya pili. Siku moja diski ya `/data` ilichelewa kupachikwa seva ilipowaka, na programu fulani ikaandika kwenye folda ya `/data` iliyo chini yake, yaani kwenye mzizi. Diski ilipopachikwa baadaye, ilifunika yale yote. Bado yapo, bado yanakula nafasi, ila hayaonekani. Kuyaona, uufungulie mzizi mlango wa pili:

```
sudo mount --bind / /mnt
sudo du -sh /mnt/data
sudo umount /mnt
```

Ukikuta gigabaiti kadhaa mahali ambapo palipaswa kuwa patupu, umempata. Ukifuta, futa kupitia `/mnt/data` tu, na hakikisha kwa macho kwamba hujaandika `/data` kwa mazoea. Tofauti ya herufi nne hapo ni tofauti kati ya takataka na hifadhidata hai.

Na ikiwa hesabu za `df` na `du` zinakubaliana, basi hakuna maficho. Ni mafaili ya kawaida yamerundikana, na swali linakuwa lipi lifutwe bila madhara. Kwenye Ubuntu nafasi ya haraka na salama hupatikana sehemu mbili: vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, ambavyo `sudo apt-get clean` inaviondoa, na kumbukumbu za mfumo, ambazo `sudo journalctl --vacuum-size=500M` inazipunguza hadi megabaiti 500. Logi kubwa yenye jina lake ikaushwe kwa `truncate`, isipigwe `rm`. Wala usikimbilie kuibana kwa `gzip`. Amri hiyo huandika faili jipya lililobanwa kwanza, ndipo ilifute la zamani. Kwenye diski iliyojaa itakwama katikati, kama walivyokwama mafundi wa Japani.

Kilicho marufuku ni kugusa ndani ya folda ya hifadhidata. PostgreSQL ina folda inayoitwa `pg_wal`, na kila badiliko huandikwa humo kabla ya kuingia kwenye majedwali. Inaweza kuvimba sana, hasa pale nakala ya mbali inapokatika mawasiliano na seva kuu ikawa inaitunzia data. Zamani folda hiyo iliitwa `pg_xlog`, na watu waliokuwa wakihangaika na diski iliyojaa waliliona neno `log`, wakadhani ni logi za kawaida, wakafuta. Walikuwa wameiua hifadhidata yao. Toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, lilibadilisha jina, na ajali hizo zilikuwa mojawapo ya sababu. Ukikuta `pg_wal` ndiyo iliyojaa, ongeza diski au shughulikia nakala iliyokatika. Usifute.

Stakabadhi sasa zinatoka, lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanapofunga kompyuta mapema. Diski inapojaa, programu nyingi hufanikiwa kuunda faili lakini hushindwa kuliandika, kwa kuwa jina linaingia na yaliyomo hayaingii. Mhariri wa maandishi au hati ya usanidi iliyohifadhiwa wakati huo inaweza kuwa tupu kabisa, na hutajua hadi seva iwashwe upya miezi miwili baadaye. Tafuta mafaili yaliyoguswa ndani ya saa kumi zilizopita na yenye ukubwa wa sufuri:

```
sudo find /etc /opt /home /var/lib -xdev -type f -size 0 -mmin -600
```

Orodha itakuwa na vitu halali pia, maana yapo mafaili ambayo ni matupu kwa makusudi. Msimamizi anayeijua seva yake atayatambua. Kwenye seva yetu inatoa mafaili ya PDF yasiyo na kitu: stakabadhi za asubuhi, ambazo mfumo unaamini zimekwisha kutengenezwa. Hizo zifutwe na kutengenezwa upya, la sivyo mwanachama atakayeomba nakala yake mwezi ujao atapewa karatasi nyeupe. Baada ya hapo `systemctl --failed` itaonyesha huduma zilizoanguka kimyakimya. Nakala ya usalama ya usiku huo nayo ihesabiwe kuwa haipo, hata kama faili lake lipo, hadi mtu aifungue na kuona imekamilika.

Tuirudie ile mistari elfu mbili. Karibu yote inaanza na neno `DEBUG`. Mtu alikuwa akichunguza hitilafu, akaiagiza programu iandike kila kitu kwa kirefu, hitilafu ikapatikana, agizo likasahaulika. Logi ilikuwa imekua kwa siku tisa, yaani takriban gigabaiti mbili na nusu kwa siku. Na kwenye `/etc/logrotate.d/`, mahali ambapo mfumo huelezwa logi zipi zizungushwe na kukatwa, programu ya malipo haikuwemo. Wengi huamini kwamba kila kilicho chini ya `/var/log` hukatwa chenyewe. Hukatwa kile tu kilichoandikwa humo:

```
/var/log/malipo/*.log {
    daily
    maxsize 500M
    rotate 7
    compress
    missingok
    copytruncate
}
```

Neno `copytruncate` limewekwa kwa sababu programu yetu haijui kufungua logi upya ikiambiwa. Mfumo unanakili faili kisha unalikausha lilelile. Gharama yake ni mistari michache inayoweza kupotea katikati ya hatua hizo mbili, na ni lazima pawe na nafasi ya nakala. Programu inayojua kulifungua logi lake upya haihitaji neno hilo. Halafu `maxsize` si mlinzi wa kudumu: ukubwa huangaliwa pale tu `logrotate` inapoendeshwa, na kwa kawaida ni mara moja kwa siku. Kabla ya kuondoka, jaribu kwa `sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/malipo`, ambayo inaeleza itakachofanya bila kufanya chochote.

Imebaki tahadhari ya mapema. Ofisi nyingi huiweka kwenye asilimia 90 au hata 95, na kwa diski ndogo hiyo ni kuchelewa. Fanya hesabu ya seva hii: nafasi inayotumika ni gigabaiti 38, na asilimia 80 yake ni takriban 30. Zinabaki 8. Kwa mwendo wa mbili na nusu kwa siku, aliyepata ujumbe ana siku tatu za kutafuta chanzo kwa utulivu. Kwenye asilimia 95 angekuwa na chini ya siku moja, na siku hiyo ingeweza kuwa Jumapili. Baadhi ya wasimamizi huongeza hila moja rahisi ambayo naiunga mkono: wanaunda faili tupu la gigabaiti moja kwa `sudo fallocate -l 1G /root/akiba`, halina kazi yoyote, ila siku ya dharura linafutwa na papo hapo kuna pa kufanyia kazi. Haliponyi kitu. Linanunua muda wa kupima.

Kama una seva unayoitunza, ingia leo uendeshe `df -h /` na `sudo lsof +L1`, uandike namba hizo mahali, na uangalie kama folda ya logi za programu yako imo kwenye `/etc/logrotate.d/`. Fanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi.